Mkeka wa Matanga Mlangoni

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe kumi na nne Aprili, mwaka wa elfu mbili na ishirini na tano. Zuhurah alikuwa kwenye benchi lake nje ya karakana, hapo Arua mjini, akimtania mteja mmoja wa mashine ya kusaga. Akaanguka na kicheko kikiwa bado mdomoni.

Wahabu alikuwa ndani, nyuma ya pazia, anasuka waya wa mota. Alisikia kicheko kinakatika. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kusikia kicheko cha Zuhurah kikikatika namna ile, kwa hiyo aliweka chini waya na kutoka. Ambulansi ilikuwepo. Iliegeshwa uani mwa kituo cha afya, imeoshwa, inang'aa. Mafuta ndiyo hayakuwepo, na mtu wa kusaini ili mafuta yatoke alikuwa ameenda kwenye semina. Walimpakia Zuhurah kwenye bodaboda, katikati ya dereva na Wahabu, na Wahabu akajua kabla ya kufika kwamba anashika mtu ambaye hayupo tena.

Hilo la semina hakulisamehe. Hata sasa ukitaja neno semina mbele yake atageuza uso.

Sasa, ili mtu aelewe kilichofuata, lazima ajue namna watu hawa wawili walivyofanya kazi. Mota ya mashine ya kusaga ikiungua, waya wa shaba uliomo ndani unageuka mweusi na mota inakufa. Fundi anaifungua, anatoa waya wote ulioungua, anasafisha matundu ya chuma, anayatandika karatasi ya kuzuia umeme, kisha anaanza kupitisha waya mpya, mzunguko kwa mzunguko, bila kukosea hesabu na bila kuukwaruza. Anaubana kwa vijiti vya mianzi. Anafunga kwa uzi, anapima kwa taa kama umeme unavuja kwenye chuma, anamwaga vanishi, anaacha ikauke. Ni kazi ya mtu mmoja, na huyo mtu anyamaze.

Wahabu aliipenda kazi hiyo kama wengine wanavyopenda mpira. Kilichomchosha ni wenye mota. Mwenye mota haleti mota tu, analeta na hadithi yake. Anakaa, anauliza habari za nyumbani, za watoto, za shamba, kisha anaomba bei ishuke, kisha anaanza upya na habari za nyumbani. Wahabu alikuwa akiitikia mara mbili, na ya tatu anaingia ndani. Kwa hiyo Zuhurah aliweka benchi nje na pazia mlangoni. Nje mdomo, ndani mikono. Wateja walimjua yeye. Wengi hawakujua hata sura ya fundi.

Baada ya mazishi, turubai likatandazwa mbele ya nyumba, ambayo ndiyo hiyo hiyo karakana, na mkeka mkubwa ukawekwa mlangoni kwa wanaume wanaokuja kutoa pole. Na hapo Wahabu akaona kitu ambacho hakukitegemea.

Mota zilizidi kuja, kwa sababu mashine za watu hazingojei matanga. Lakini hakuna mtu wa Arua anayeweza kwenda kwenye nyumba ya msiba akaanza kubishana bei. Mtu alifika na mota yake kwenye bodaboda, akaiweka kando ya mlango, imefungwa kitambaa chenye jina lake. Akakaa kwenye mkeka, akasoma Fatiha kama ni Mwislamu, akainamisha kichwa kama ni Mkristo, akasema pole Mzee, akaondoka. Akija kuchukua, alimkabidhi Madinah, dadake Zuhurah, alichonacho, na akaondoka vilevile. Hakuna habari za shamba. Hakuna kuomba bei ishuke.

Wahabu alilia kwa mkewe, kweli alilia, na machozi yalidondoka kwenye vanishi. Lakini kazi haikuwahi kwenda vizuri namna ile. Alisuka toka asubuhi hadi magharibi bila sauti ya mtu. Siku moja alijikuta anapiga mluzi, akajiona haya, akaacha.

Arobaini ikafika. Karamu ikapikwa, watu wakala, dua ikasomwa, turubai likarudishwa msikitini. Madinah akaanza kuukunja mkeka.

"Wacha hiyo," Wahabu akasema.

"Shemeji, matanga imeisha."

"Kwako imeisha. Wacha."

Madinah akauacha. Alidhani ni uchungu. Na ulikuwa uchungu, ila haukuwa peke yake.

Mwezi ukapita, mkeka ukiwa mlangoni. Mwenyekiti wa mtaa, Muzamili, mtu wa shati jeupe na kalamu mbili mfukoni, akaja kumwona. Alivua viatu, akakaa mkekani, akatoa pole tena ingawa alikwisha kuitoa.

"Wahabu, ndugu yangu. Mwanaume hana eda. Mwanamke akifiwa anakaa, sisi hatukai. Shehe anauliza, hii mkeka iko ya nini?"

"Iko ya kukalia. Si wewe umekaa?"

Muzamili akacheka kidogo, kisha akakumbuka alipo na akanyamaza. "Basi sikia. Serikali imeleta pesa ya kusaidia wafanyabiashara wadogo. Wanatoa kwanza mafunzo. Mafunzo ni namna ya kuongea na mteja. Mteja ni mfalme. Kumchekea, kumwita, kumfuata mpaka kwake. Wewe fika tu, tutakuandika."

"Yule aliyekuwa anawachekea, mlimfanya nini?"

"Nani?"

"Zuhurah. Ile ambulansi."

Muzamili akatafuta viatu vyake. Wahabu akamwangalia anavyokwenda na akasema moyoni: hawa ndio wale wale. Mafuta ya ambulansi hawana, ila ya kukufundisha kucheka wanayo.

Madinah naye hakutulia. Alikuwa mwanamke wa biashara, anauza vitenge sokoni, na hakuweza kulala akijua kuna mtu wa ukoo hana mpango. Kila jioni alileta chakula na wazo.

"Kuku," alisema siku ya kwanza.

"Kuku anauzwa na nani?"

"Wewe."

"Basi hapana."

Siku ya pili akasema: "Kule Oraba mpakani watu wanabadilisha pesa, wanakaa tu kwenye kiti."

"Wanakaa na midomo wazi kama mbuzi wanaoita mama. Umewasikia?"

"Saa, basi. Tengeneza saa. Ni kazi ndogo ndogo, ya macho."

"Mwenye saa hasogei. Anakusimamia kichwani, anakuuliza unafanya nini, anakwambia hii alipewa na nani."

"Kofia za kushona?"

"Kofia nimezifikiria," Wahabu akakubali. "Lakini kofia ni ya kichwa, na kila kichwa kina mdomo chini yake."

Madinah akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akafuta macho na kusema taratibu: "Shemeji, wewe hutaki biashara nyingine. Wewe unataka hii hii, bila watu."

Ndivyo ilivyokuwa, na Wahabu alikuwa ameazimia. Mkeka ungekaa mlangoni mwaka mzima kama ndio bei ya kimya. Akaendelea kusuka.

Lakini mota zilianza kupungua. Kwanza hakugundua, kwa kuwa alikuwa na nyingi za nyuma. Kisha ikaja wiki hakuna mota mlangoni hata moja. Watu walipita, wakainamisha vichwa, wakasema pole Mzee, wakaendelea na njia yao. Zile za Koboko, mji wa jirani, ambazo siku zote zilikuwa nyingi, zilikatika kabisa. Wahabu akatafuta wa kulaumu na hakukosa. Walaumiwa ni wenye umeme, waliopandisha bei hadi watu wakafunga mashine. Ni watoza kodi. Ni Muzamili, ambaye bila shaka amewaambia watu wampelekee fundi mwingine, yule anayecheka. Mwenye nyumba alimpa hadi mwisho wa Agosti: kama karakana haina kazi, kuna kijana anaitaka aweke duka la simu.

Karakana ile ikienda, pazia linakwenda, na Wahabu alijua hana mahali pengine duniani pa kukaa nyuma ya pazia. Angeishia kwenye kibanda cha mtu, akiambiwa achekee wapita njia.

Ndipo akaja Ayiko. Ayiko alikuwa fundi wa mashine za kusaga huko Koboko, mtu mwembamba mwenye sauti kubwa, anayezunguka vijijini na pikipiki kurekebisha mawe na mikanda. Kwa miaka mingi alikuwa akimpelekea Zuhurah mota. Alikaa mkekani. Akasema pole. Akaendelea kukaa. Akakuna shingo.

"Mzee, mimi nataka kusema kitu, lakini si kitu ya matanga."

"Sema."

"Nangoja uondoe mkeka. Nangoja tangu mwezi wa sita."

"Sema hivyo hivyo."

Ayiko akavuta pumzi. "Mota zako zinaungua. Ya Yangi kule Abuku iliungua wiki mbili baada ya kutoka kwako. Ya Mama Drateru, Koboko mjini, hata wiki haikumaliza. Na zingine. Watu wanasema, tangu mama afe, mkono wa Mzee umetetemeka. Sasa nani atakuja kumlaumu mtu kwenye mkeka wa matanga? Itakuwa laana. Wanabeba tu wanapeleka kwa mwingine."

Kimya kile alichokipenda Wahabu, alichokilinda kwa mkeka, kilikuwa kimemfungia nje ya habari za kazi yake mwenyewe. Zuhurah angejua siku ile ile. Yangi angekuja na hasira yake, angekaa kwenye benchi, angepewa chai, na kabla chai haijapoa Zuhurah angekuwa ameshapitisha kichwa kwenye pazia na kusema: Baba, ile ya Abuku imerudi, kuna kitu.

"Mkono wangu hautetemeki," alisema mwishowe.

"Mimi najua?"

"Zilizoungua ziko wapi?"

"Kwa wenyewe. Zimetupwa kama mawe."

Wahabu akainuka. Akaukunja mkeka mwenyewe, polepole, mavumbi yake yote yakiwa ndani, akaupeleka chumbani na kuulaza chini ya kitanda cha Zuhurah. Aliporudi alikuwa na mfuko wa vyombo.

"Washa pikipiki," akasema.

Barabara ya Koboko ilikuwa mpya na nzuri, na Wahabu hakuisifia, kwa sababu walioijenga hawakuijenga kwa ajili yake. Walianzia kwa Drateru. Mwanamke huyo alikuwa mnene, mwenye unga kwenye nyusi, na alikuwa na mengi ya kusema. Alianza na pole, akaingia kwenye hasara yake, akapita kwa mume wake, akarudi kwenye hasara. Wahabu aliitikia mara mbili. Mara ya tatu akaomba bisibisi.

Akaifungua mota pale pale sakafuni. Alipoinua kifuniko, harufu ya vanishi iliyoungua ikamjia, na moyo wake ukatulia. Kosa la fundi, waya uliokwaruzwa au karatasi iliyopasuka, huunguza mahali pamoja, kama kidonda. Hapa haikuwa hivyo. Mota hizi zina makundi matatu ya waya, kila moja likijirudia kwa nafasi sawa kuzunguka duara. Kundi moja lote lilikuwa jeusi kama mkaa. Mawili yaliyobaki yalikuwa yanang'aa, na ndani yake aliona uzi wake mwenyewe, fundo lake mwenyewe, kama alivyolifunga.

"Umeme wa laini tatu," akamwambia Ayiko. "Moja imekatika. Mota inaendelea kuzunguka kwa mbili, inanguruma, inabeba mzigo wote, mpaka kundi moja linaungua. Ilinguruma?"

Ayiko akamgeukia Drateru. "Mama, kabla ya kufa ilinguruma?"

"Ilinguruma kama fahali. Nikaongeza mahindi, nikidhani iko na njaa."

Ayiko akacheka. Wahabu naye nusura acheke. "Zuhurah angeuliza hilo," akasema, na kicheko kikaondoka.

Alipanga kuwalaumu wenye umeme, na maneno alikuwa nayo tayari. Lakini alipofungua swichi kubwa ya Drateru ukutani, alikuta meno ya laini moja yameliwa na cheche, yamelegea, yanashika yakitaka. Kosa lilikuwa ndani ya nyumba. Akayameza maneno yake, yakapita kwa shida. Walibadilisha swichi na Ayiko akamweleza Drateru kwa maneno ambayo Wahabu hangeyapata: kwamba mashine ni kama ng'ombe wa kulima, ukimkata mguu mmoja usimwongezee jembe.

Kule Abuku, kwa Yangi, kundi lilikuwa jeusi vilevile, lakini swichi ilikuwa nzima na imekaza. Wahabu akafunga taa tatu kwenye kibao, moja kwa kila laini, akazining'iniza baada ya swichi, upande wa mota. Wakaweka mota ya kuazima, wakawasha, wakasaga. Wakakaa. Yangi, mzee mkali wa maneno machache, alimpenda Wahabu mara moja kwa sababu hakuna aliyemsemesha mwenzake. Jioni, watu walipoanza kuwasha majiko na pasi zao, taa ya tatu ikafifia. Haikuzimika. Mota inayozunguka hurudisha umeme kidogo kwenye laini iliyokufa, ndiyo maana mwenye mashine hajui. Ikafifia tu, ikawa nyekundu kama jicho la mgonjwa, na mota ikaanza kunguruma. Yangi akazima haraka.

"Basi si mkono wako," Yangi akasema.

"Si mkono wangu."

"Ni nani?"

Wahabu akatazama nje, kwenye nguzo za umeme zilizokwenda zikipotea shambani. Mara hii kosa halikuwa ndani ya nyumba.

Wakati wa kurudi, walisimama kando ya njia kunywa maji, na Wahabu akasema kitu alichokuwa akikisuka kichwani tangu Koboko.

"Wewe, Ayiko, unapenda kuongea."

"Mzee, hiyo ni tusi?"

"Ni kazi. Mimi sitauzia wenye mashine tena. Nitauzia mafundi, na fundi ni wewe. Unachukua mota Koboko, Abuku, hata Oraba, unaniletea zote siku moja. Bei mimi na wewe tunapanga mara moja, si kila siku. Wenyewe wakupigie kelele wewe. Kwangu hakuji mtu."

"Na wakilalamika?"

"Hilo ndilo ninalotaka. Kila lalamiko, unaniletea. Iwe tamu, iwe chungu. Na kila mota, unauliza maswali matatu kabla ya kuipakia: ilinguruma, ilikuwa saa ngapi, na kabla ya kufa ilikuwa inasaga nini. Bila majibu, sipokei."

Ayiko akafikiri. "Na zile taa?"

"Kila mota inayotoka kwangu inatoka na kibao chake. Taa tatu. Moja ikififia, zima. Vibao natengeneza mwenyewe. Ni kazi nzuri," akaongeza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama kupenda vitamu.

Madinah aliposikia, hakusema neno la kujisifu, ingawa alikuwa na haki. Alisema tu: "Kwa hiyo dawa haikuwa bila mdomo. Ilikuwa mdomo mmoja."

"Mmoja unatosha," Wahabu akasema. "Hata huo una kelele."

Mwenye nyumba alikuja mwisho wa Agosti, akakuta sakafu imejaa mota za Koboko na vibao vya taa vimepangwa dirishani, na mwenyewe Wahabu haonekani, kuna pazia tu. Akazungumza na pazia kidogo, pazia likajibu mara mbili, akaondoka. Kijana wa simu akapata mahali pengine.

Benchi la Zuhurah bado lipo nje. Hakuna anayelikalia ila Ayiko, siku yake ya kuleta mota, na siku hiyo Wahabu hutoka nje ya pazia, anakaa upande wa pili wa benchi, anasikiliza malalamiko yote mpaka yaishe. Haitikii sana. Lakini anasikiliza.

Kuna jambo moja tu alilokataa kumwachia Ayiko. Kila Alhamisi anavaa shati lake la Idi, anaenda ofisi ya umeme, anasimama kwenye foleni na watu wanaosukumana na kupiga soga, yeye aliyekuwa hawezi kustahimili mtu mmoja. Akifika dirishani, msichana wa dirishani anamwambia mhandisi hayupo, ameenda semina. Wahabu anageuza uso kidogo, kisha anaurudisha. Hapigi kelele. Amekuja na swali moja, na ataendelea kuja nalo, neno kwa neno, mpaka atakapotokea mtu upande ule wa kioo wa kulijibu:

"Laini ya tatu ya Abuku, kila jioni, inapotelea wapi?"